Gmail ya zamani haifunguki: namna ya kujua kama imefutwa na kama inarudishika

Ukiandika anwani yako ya zamani kwenye ukurasa wa kuingia Google na skrini ikajibu "Couldn't find your Google Account", usianze kulia. Wengi wanaofika hapa stesheneri kwangu Mwenge wakisema Gmail yao imefutwa wana shida nyingine kabisa: wamesahau nywila, au wamekosea herufi moja ya anwani, au akaunti imejaa hadi haipokei barua. Kila shida ina dawa yake. Ukitumia dawa ya akaunti iliyofutwa kwa akaunti ambayo nywila yake tu ndiyo imesahaulika, unaweza kujifungia mlango uliokuwa wazi.

Naieleza Gmail peke yake kwa sababu ndiyo wengi tulionayo. Hapa mjini watu wengi wana Gmail kuliko wanavyojua wenyewe. Unanunua simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo, muuzaji anakufungulia akaunti papo hapo ili simu iwake, anaweka nywila anayoijua yeye, na namba ya kurejeshea anaweka iliyo karibu. Mwaka ukipita unanunua simu nyingine, unafunguliwa Gmail nyingine. Ile ya kwanza, yenye picha za mtoto na barua za maombi ya kazi, inabaki peke yake.

Sheria yenyewe inasemaje

Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo: Gmail, Drive, Photos na vinginevyo. Ufutaji ungeanza Desemba 2023, na wa kwanza kuguswa wangekuwa wenye akaunti zilizofunguliwa kisha zisitumike tena. Sikiliza neno "inaweza". Miaka 2 ikitimia akaunti yako inaingia kwenye orodha ya zinazoweza kufutwa, lakini haifutwi siku hiyo hiyo saa sita usiku. Ndiyo maana utakuta jirani yako ameiacha miaka 3 na bado anaingia, wakati yako imekwenda.

Kinachohesabika ni kile unachofanya wewe ukiwa umeingia ndani ya akaunti. Kusoma au kutuma barua, kutumia Drive, kutazama YouTube, kupakua programu Play Store, kutafuta kitu Google, au kuingia kwenye tovuti nyingine kwa akaunti ya Google, vyote vinatosha. Barua kuingia zenyewe hakukusaidii, hata zikiingia mia kwa siku. Hesabu inakwenda kwa akaunti, siyo kwa simu, kwa hiyo simu ya zamani iliyozimwa ndani ya kabati hailindi chochote.

Zipo akaunti ambazo sheria hii haiziangukii: yenye malipo ya huduma ya Google yanayoendelea, iliyowahi kununua kitabu au filamu ya kidijitali, yenye salio la kadi ya zawadi, au inayosimamia akaunti ya mtoto kupitia Family Link. Wakati wa kutangaza, Google ilisema pia haikuwa na mpango wa kufuta akaunti zenye video za YouTube. Akaunti za kazini na za chuo hazimo humu, ila hizo zina mwenyewe: chuo kikiamua kuzifunga baada ya mahafali, ombi lako lipeleke chuoni.

Kabla ya kufuta, Google hutuma taarifa kwenye anwani yenyewe na kwenye anwani ya kurejeshea, kama uliiweka. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Taarifa ya kwanza inaingia kwenye kisanduku usichokifungua, na ya pili haina pa kwenda.

Kwanza jua shida yako ni ipi

Usiguse kitufe cha kurejesha bado. Chukua barua pepe nyingine yoyote, hata ya ndugu, utume barua fupi kwenda anwani yako ya zamani. Subiri dakika chache. Kama haikurudi kitu, anwani iko hai na inapokea, tatizo lako ni nywila. Kama imerudi, soma namba iliyo katika majibu. Maneno yanayoizunguka hubadilika kidogo kidogo, lakini namba ndiyo yenye habari.

```
550 5.1.1  does not exist
550 5.2.1  disabled / inactive
552 5.2.2  over quota
```

Ukiona 5.2.2, pumua. Akaunti ipo ila imejaa, nami nitairudia chini. Ukiona 5.2.1, akaunti imezuiwa, na mara nyingi hapo kuna suala la ukiukaji wa masharti au usalama. Ukijaribu kuingia utaelekezwa kuandika rufaa. Ukiona 5.1.1, anwani hiyo haipo kwenye mfumo kwa sasa. Hapo pana mawili: imefutwa, au umekosea kuiandika.

Kutenganisha hayo mawili ni rahisi. Nenda kwenye ukurasa wa kufungua akaunti mpya ya Google, uandike ile anwani kama unataka kuisajili upya. Google haigawi tena anwani ya Gmail iliyowahi kutumika, hata mwenyewe haimpi. Kwa hiyo mfumo ukisema jina limeshachukuliwa, na wakati huo huo barua inarudi na 5.1.1, karibu hakika anwani ilikuwepo na imefutwa. Mfumo ukikubali jina hilo bila kinyongo, basi hiyo siyo anwani yako. Acha hapo hapo, usimalizie kuisajili, rudi ukatafute uandishi sahihi. Nukta hazina maana kwenye Gmail, juma.ally na jumaally ni mtu mmoja, lakini namba za mwisho na "y" dhidi ya "i" zina maana sana. Tafuta kwenye CV ya zamani, kwenye fomu ulizojaza, au muombe rafiki aliyewahi kukuandikia atafute jina lako kwenye barua zake.

Kujaribu kuirudisha

Ukurasa ni mmoja tu: g.co/recover. Hauna malipo. Lakini usiufungulie kwenye kompyuta yangu, wala kwenye simu ya mtu uliyekutana naye kwenye daladala. Google hupima kama anayeomba anafanana na mwenye akaunti, na moja ya vipimo vyake ni kifaa na mahali. Nenda nyumbani, washa simu uliyokuwa ukiitumia zamani kama bado iko, unganisha na intaneti ya mahali ulipozoea, ukafungulie hapo. Simu hiyo usiifanyie usafi wa kurudisha kiwandani, na usiondoe akaunti ndani yake hata kama inalalamika. Betri ikiwa imekufa, fundi wa kubadilisha betri ni rahisi kuliko hasara utakayoipata.

Ukishaandika anwani, akaunti iliyofutwa karibuni hukupa ujumbe kwamba ilifutwa na huenda ikarudishwa, kisha unaanza kuulizwa maswali. Toa nywila ya mwisho unayoikumbuka, hata kama huna uhakika nayo. Usiruke swali, bora kukisia kuliko kuacha wazi. Ukishindwa mara kadhaa mfululizo mfumo utakuambia umejaribu kupita kiasi, na kuendelea kubonyeza kunazidisha ubaya. Acha ukae siku kadhaa, tafuta ushahidi zaidi, ndipo urudi.

Namba ya simu ya kurejeshea ndiyo kikwazo kikubwa kwetu, kwa sababu laini tunabadili kila tunaposikia ofa. Kama unaikumbuka namba, hakiki kwanza kama bado ni yako. Piga *106# ukiwa kwenye laini ya mtandao huo huo, utaona taarifa za usajili zilizofungwa na namba yako ya NIDA. Ikiwa bado iko kwa jina lako, nenda duka la mtandao na kitambulisho, watachukua alama ya kidole na kukurudishia laini, nawe utapokea meseji ya namba za uthibitisho. Ikiwa laini imeshasitishwa na kuuzwa kwa mtu mwingine, usimpigie ukimwomba akusomee namba zilizoingia. Atadhani wewe ni tapeli, na hatakuwa amekosea sana. Chagua njia nyingine kwenye ukurasa.

Kuhusu muda, mtaani utasikia siku 20, wengine watakuambia 30. Usipange maisha yako juu ya namba hizo. Google inasema tu kwamba akaunti iliyofutwa muda si mrefu huenda ikapatikana, na kadiri muda unavyopita ndivyo tumaini linavyopungua. Kwa ninavyoona, kama akaunti imefutwa kwa kutotumika na wewe umegundua baada ya miezi mingi, jaribu mara moja kwa utulivu, kisha hamishia nguvu zako kwenye kuokoa vilivyo nje ya akaunti.

Na yule wa Instagram anayeahidi kukurudishia Gmail kwa elfu hamsini, hana ufunguo wowote. Akaunti za bure hazina namba ya simu ya kupiga ukamkuta mfanyakazi wa Google wa kukuhudumia. Atakachofanya ni kukuomba namba za uthibitisho za akaunti uliyobaki nayo, nayo iondoke.

Kisa cha mama wa vitenge

Mteja wangu mmoja anauza vitenge Kariakoo. Gmail yake alifunguliwa 2014 dukani aliponunua simu. Mwezi Machi 2022 alibadili simu, akafunguliwa Gmail nyingine, ile ya kwanza hakuigusa tena. Septemba 2024 akawa anataka kuingia kwenye mfumo wa BRELA alikosajili jina la biashara. Nywila ameisahau, na kiungo cha kuibadilisha kinatumwa kwenye anwani ya 2014.

Hesabu ilikuwa mbaya kabla hata hatujawasha kompyuta: miaka 2 ilitimia Machi 2024, na alikuja miezi sita baadaye. Nilituma barua ya majaribio, ikarudi na 5.1.1. Nikajaribu kusajili anwani ile ile, ikasema imeshachukuliwa. Kwa hiyo uandishi ulikuwa sahihi na akaunti ilishafutwa. Nikamwambia aende nyumbani Mbagala ajaribu kurejesha kwa simu ya zamani, ambayo kwa bahati mwanawe alikuwa akiichezea michezo. Jibu likawa lile lile, akaunti haipatikani. Anwani ya kurejeshea haikuwahi kuwekwa, na namba iliyowekwa ilikuwa ya muuza simu.

Tukaiacha akaunti, tukageukia vilivyobaki. Simu ile ilikuwa na kadi ya kumbukumbu, na picha zilizopigwa kwa kamera zilikuwa bado ndani ya folda ya DCIM. Kufutwa kwa akaunti hufuta nakala iliyoko Google, hakufuti faili lililoko kwenye kadi. Picha za miaka ya mwanzo zilipatikana karibu zote. Zilizokosekana ni zile alizozifuta kwenye simu ili apate nafasi, akijua ziko Google Photos.

Kisha tukaangalia Facebook yake, iliyofunguliwa kwa anwani hiyo hiyo. Alikuwa bado ameingia kwenye simu mpya. Kabla ya kugusa chochote tukaenda kwenye mipangilio, tukaongeza anwani mpya na namba yake ya sasa, tukathibitisha, ndipo tukaiondoa ya zamani. Angetoka kwenye akaunti kabla ya hapo, Facebook nayo ingekuwa inatuma viungo vyake kwenye kisanduku kisichokuwepo. Hili ndilo jambo la kwanza la kufanya ukigundua Gmail imekwenda: pale ambapo bado umeingia, usitoke, badili anwani kwanza.

Kwa mifumo ya serikali mambo ni mepesi kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu huko unajulikana kwa namba ya NIDA, na barua pepe ni njia tu ya kukufikia. Iwe BRELA au Ajira Portal, andika au nenda kwenye dawati lao la msaada na kitambulisho, pamoja na cheti au namba ya usajili, uombe kubadilishiwa anwani. Usifungue akaunti ya pili kwa jina lile lile ukidhani unakata njia ya mkato.

WhatsApp ana habari yake. Kwenye Android nakala rudufu ya meseji huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo akaunti ikifutwa nakala inakwenda nayo. Isitoshe, nakala isiyosasishwa kwa zaidi ya miezi 5 huweza kufutwa hata akaunti ikiwa hai. Na akaunti ya WhatsApp yenyewe kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120 za kutotumika. Meseji zilizomo ndani ya simu hubaki hadi programu itakapoondolewa, ndiyo maana nasema usiondoe WhatsApp kwenye simu ya zamani ukidhani unaisaidia.

Ikiwa akaunti ipo lakini imeshushwa

Hii ndiyo ile ya 5.2.2. Kila akaunti ya bure ina GB 15 zinazotumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos. Ukilipia Google One ya GB 100, ukajaza 40, kisha malipo yakakatika kwa sababu kadi imeisha muda, unarudishwa kwenye GB 15 ukiwa na mzigo wa 40. Hakuna kinachofutwa siku hiyo. Unachopoteza ni uwezo wa kutuma na kupokea barua na kupakia picha mpya. Anayekuandikia anarudishiwa barua yake, naye anakuambia Gmail yako imefutwa, nawe unaamini.

Ila usilale. Ukikaa umezidi nafasi kwa miaka 2, Google ina haki ya kufuta vilivyomo. Tena, tangu Juni 2021 kuna sheria nyingine: hata kama hujazidi nafasi, Gmail, Drive au Photos ambayo hujaigusa kwa miaka 2 inaweza kufutwa vilivyomo ndani yake. Hii huwashangaza wengi, kwani mtu anasoma barua zake kila siku na akaunti iko hai kabisa, lakini picha ambazo hajazifungua miaka mingi ziko hatarini peke yake. Kufungua Gmail hakuhesabiki kwamba umefungua Photos.

Tiba: ingia one.google.com/storage, uone nani amekula nafasi. Mara nyingi ni video. Zipakue kwanza kwenye kompyuta kwa kutumia takeout.google.com, hakikisha zinafunguka, kisha futa mtandaoni na umwage na pipa la taka, kwa sababu vilivyomo kwenye pipa la Drive na Gmail bado vinahesabiwa. Barua huanza kuingia tena nafasi ikishashuka chini ya GB 15. Zile zilizorudishwa kwa watumaji hazitakuja zenyewe. Omba watume tena. Bando la kupakua GB 25 siyo la mchezo, kwa hiyo kama una ndugu mwenye waifai ofisini, hapo ndipo pa kumtembelea.

Kwa akaunti uliyobaki nayo

Ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama, uweke namba yako ya sasa na anwani ya kurejeshea ya mtu unayemwamini au yako nyingine. Ukibadili laini, badilisha na hapo siku hiyo hiyo. Kama muuza simu ndiye aliyefungua, badili nywila na ufute namba yake.

Kisha nenda myaccount.google.com/inactive. Huko unapanga nini kifanyike usipoonekana kwa miezi 3, 6, 12 au 18: Google ikutumie meseji, na iwaarifu watu hadi 10 ambao umewachagua, kila mmoja akipewa sehemu ya vitu vyako kama utakavyo. Kwa mtu mwenye hati za kiwanja au picha za wazazi kwenye Drive, hili lina thamani kubwa. Mwishoni mwa mipangilio hiyo kuna swali kama akaunti ifutwe baada ya watu hao kuarifiwa. Soma vizuri kabla ya kuwasha. Ukichagua miezi 3 na kuwasha kufuta, umejiwekea muda mfupi kuliko ule wa Google wenyewe, na safari moja ndefu ya machimboni bila simu inaweza kuumaliza.